Wewe hukuya, iliyokuya ni simu

Maneno hayo niliambiwa na shangazi yangu wa mtaa wa Langoni, Lamu, mwishoni mwa 2022, siku tatu baada ya harusi ya dada yangu mkubwa. Nilikwenda kumuuliza kwa nini hakuonekana. Nyumba yake na yetu ni mwendo wa kumaliza tende tatu mdomoni. Alinikaribisha, akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za Malindi ninakofundisha, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kualikwa sikualikwa, mwanangu. Wewe hukuya. Iliyokuya ni simu."

Kwetu kuja husemwa kuya, na njoo husemwa ndoo. Nilikuwa nimemtumia mwaliko. Nilikuwa nimewatumia watu wote mwaliko, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Kwetu Lamu harusi hualikwa kwa miguu. Zamani, na kwa nyumba nyingi mpaka leo, hutumwa mwalishi, mama mwenye ulimi mzuri na anayezijua nyumba. Hupiga hodi, hukaa, huulizia wazima na wagonjwa, ndipo akasema, "Mama fulani awasalimu, na siku fulani awaita." Anayekwenda ndiye heshima yenyewe, ile habari ya siku na saa huwa mtaa umeshaijua. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kazi Malindi na siku zilikuwa zimebana, niliona simu itafanya kazi ya mwalishi. Niliandika ujumbe mmoja, nikautuma kwa shangazi, kwa binamu walioko Maskati, kwa walimu wenzangu, kwa fundi aliyenishonea pazia.

Ujumbe wenyewe bado ninao. Majina nimeyaondoa, mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa:

> Assalaam alaykum. Familia yetu yafurahi kuwaalika nyote kwenye harusi ya binti yetu. Hina usiku wa Ijumaa. Nikaha Ijumaa baada ya alasiri. Kupamba Jumamosi usiku. Vazi: sare, leso doti 700/=. Michango itumwe kwa nambari hii, na ya kutolea. Karibuni nyote!

Ukiusoma haraka hauna ubaya. Mimi niliusoma haraka. Lakini karibu kila sentensi ilizaa kisa, na ndivyo nilivyojifunza kuandika mwaliko.

Anza na "usiku wa Ijumaa". Kwa mtu wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya Alhamisi kutwa. Mamangu hana namna nyingine ya kuusema. Walimu wenzangu wanne, wawili kutoka bara na wawili Wagiriama wa Malindi kwenyewe, walisoma kama kalenda ya ukutani inavyosoma: Ijumaa, kisha usiku wake. Walishuka jetini Ijumaa saa tisa za mchana, wamebeba vijora vya hina, na mikono ya bi harusi ilikuwa imeshakauka tangu usiku uliopita.

Kisha "sare". Kwetu sare ya harusi ni leso au dera la aina moja ambalo wanawake wa upande mmoja hulivaa ili wajulikane. Katika chumba cha walimu sare ni kile anachovaa mwanafunzi na mlinzi wa lango. Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama ataruhusiwa kuingia bila kuinunua, maana mwezi ulikuwa mbaya. Aliona 700 ni kiingilio. Na kwa nini asione hivyo? Nilikuwa nimeandika bei bila kuandika kwamba ni hiari, nikaiweka ubavuni mwa nambari ya kutumia pesa.

"Karibuni nyote" ilimleta mume wa mwalimu mwenzangu mpaka mlango wa ukumbi wa kupamba, Jumamosi saa tatu za usiku, amevaa suti, ameshika zawadi kwa mikono miwili. Kupamba ni kwa wanawake. Bi harusi huketi juu, amepambwa, wanawake wenziwe humtazama, na mle ndani watu wamevua mabuibui. Mama wa mlangoni alimzuia kwa ukali unaostahili mwizi. Mjomba wangu alimchukua yule bwana akaenda kumkalisha barazani na kumnywesha kahawa hadi saa sita, na kila nikikutana naye mpaka leo mimi ndiye ninayeangalia chini.

Na "ya kutolea". Nani aliyenifundisha kuandika vile? Mgeni unamwita kwako, unamwomba pesa, na bado unamkumbusha alipie na gharama ya kuzitoa kwa wakala.

Kwa hivyo alipoposwa mdogo wangu, na mama akasema harusi itakuwa Mfunguo mosi wa 2025, nilimwomba ami kazi ya kuandika nirudishiwe mimi. Baba yetu ametangulia, ndugu wa kiume hatuna, ami ndiye walii. Alicheka. Alinipa kazi hiyo kwa sharti moja, kwamba shangazi wa Langoni aendewe akaambiwe kwa mdomo, na aende yeye mwenyewe ami.

Jambo la kwanza tuliloamua ni siku, na hapo kalenda mbili ziligongana. Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndio mwezi wa harusi kwetu, lakini hakuna anayeweza kuiandika tarehe yake miezi miwili mbele, kwa sababu Idi huandama mwezi. Mama alitaka Ijumaa ya tatu ya Aprili. Nilifungua kalenda nikaona ni tarehe 18, na tarehe 18 Aprili 2025 ilikuwa Ijumaa Kuu. Robo tatu ya wenzangu ni Wakristo. Ningewaandikia mwaliko mzuri kuliko yote, na jibu lingekuwa pole nyingi; hata ambao wangetaka kuja wangegombania viti vya basi na wasafiri wa Pasaka. Tukarudi wiki moja nyuma: hina Alhamisi tarehe 10, nikaha Ijumaa tarehe 11, kupamba Jumamosi tarehe 12. Shule zilikuwa zinafungwa tarehe 4, kwa hiyo hakuna mtu wa kuomba ruhusa. Kwenye mwaliko tuliandika siku ya juma na tarehe ya kalenda ya kawaida, na kwa jamaa tukaongeza "Mfunguo mosi" peke yake bila nambari. Idi ilipokuja kuwa Jumatatu tarehe 31 Machi hatukuwa na cha kusahihisha.

Jambo la pili lilikuwa pesa, na hili ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu ndilo linaloharibu mialiko mingi ninayoipokea. Nimeamini hivi: mchango na mwaliko ni barua mbili, ziandikwe na watu wawili, zitoke kwa wakati mbalimbali, na ya mchango iwe imefungwa kabla ya mwaliko wa kuandikwa kutoka. Ukizitia katika ujumbe mmoja, mgeni hawezi tena kujua anaitwa yeye au unaitwa mfuko wake. Tena asiye na kitu hukaa kwake kwa aibu, na huyo mara nyingi ndiye uliyetaka hasa aje.

Mchango wa harusi kwetu si jambo geni, wala si aibu. Jamaa husaidiana, na nyumba nyingi zina daftari: fulani alileta mchele, fulani samli, fulani alileta mbuzi, siku yake ikifika unarudisha na chako juu. Lakini mchango ule ulikuwa wa watu wa ndani, waliokwisha kukaa kikao. Simu ndiyo iliyoupanua ukamfikia fundi wa pazia.

Basi tulikaa kikao kwa mama, Februari, Ramadhani haijaingia. Hatukuanza na shilingi. Tulianza na chakula cha mchana wa Jumamosi, watu mia tatu. Kilo moja ya mchele hushibisha watu saba au wanane, kwa hiyo kilo arubaini. Mbuzi mmoja wa wastani hutoa nyama kilo kumi hivi, kwa hiyo mbuzi watano. Vitunguu kilo thelathini, maana biriani bila vitunguu ni wali na mchuzi. Ndipo mke wa mjomba, ambaye hana maneno mengi na kila mtu humwamini na pesa, akaandika ujumbe huu kwa nyumba kumi na saba tu, zile zilizokuwa na mtu kikaoni au zilizoomba zenyewe zisisahauliwe:

> Assalaam alaykum ndugu zangu. Kama tulivyozungumza kwa mama jana, vitu vya chakula cha harusi ni hivi: mchele kilo 40, mbuzi 5, samli, vitunguu kilo 30, viazi, viungo, kuni, maji ya kunywa, na mikono ya kumenya vitunguu Ijumaa usiku. Mwenye nafasi achague kimoja au sehemu ya kimoja, aniambie mimi peke yangu. Anayeona wepesi kutuma pesa, nambari yangu ndiyo hii. Kwenye M-Pesa litatokea jina langu la kitambulisho, si hili mnaloniitia. Tutafunga Jumapili tarehe 23 Machi. Ambaye mwaka huu mambo yamembana, atusaidie kwa dua na tutaonana harusini.

Tazama nini kilichomo mle. Vitu vina ukubwa mbalimbali, kwa hiyo mwenye duka anaweza kuchukua mbuzi na bibi wa mwisho wa mtaa akachukua maji, na wote wawili wamechukua kitu kizima chenye jina. Ukisema "kila nyumba shilingi elfu tatu" umeshawapanga watu safu ya waliofika na wasiofika. Mikono ya kumenya vitunguu imo katika orodha moja na mbuzi, na mke wa mjomba aliiweka kwa makusudi; nyumba mbili zilichagua hiyo, na hakuna aliyejua kama zilichagua kwa kukosa au kwa kupenda.

Pili, "aniambie mimi peke yangu". Ile tabia ya kubandika katika kundi orodha ya majina na kiasi, ikarudiwa kila jioni na jina jipya limeongezwa chini, wenyewe huiita uwazi. Mimi huiona ni fimbo. Wa kwanza akiandika elfu tano, wa elfu moja hunyamaza. Mke wa mjomba aliandika daftari lake, akamjibu kila mtu faraghani siku ileile, na kikaoni akasoma vitu vilivyopatikana na vilivyobaki, bila majina. Hesabu kamili walionyeshwa mama na ami.

Tatu, lile la jina. Linaonekana dogo, lakini mjombake mama alishakataa kutuma mara mbili katika harusi nyingine, kwa sababu kabla ya kuthibitisha simu ilimwonyesha jina asilolijua. Kwetu mtu anaweza kuitwa Mwana miaka arubaini na kitambulisho kikawa na jina jingine kabisa. Kwa matapeli waliojaa sasa alifanya vizuri kukataa. Sentensi moja inaondoa shaka hiyo.

Nne, siku ya kufunga. Baada ya tarehe 23 Machi neno mchango halikusemwa tena. Kilichopungua, mama na ami walikijazia kimyakimya, na kilipungua: samli, na sehemu ya kuni. Lakini mwaliko ulitoka ukiwa safi.

Mwaliko wa jamaa ulikuwa rahisi kuandika na mgumu kutuma. Ami, mama na halati, dada yake mama, waligawana mitaa, wakaenda kwa miguu mwezi wa Shaabani, Mkomani mpaka Langoni, na siku moja kwa mashua mpaka Matondoni. Walioko mbali walipigiwa simu za sauti, na mama alizungumza na kila mmoja. Ujumbe ulikuja siku ya tatu ya Idi, kama ukumbusho tu:

> Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shangazi, Idi njema, na Mola atukubalie sote. Kama ami alivyokuja kukwambia, yeye na mama wawaita nyote wa nyumbani kwenye harusi ya binti yenu, Mfunguo mosi huu Inshallah. Hina ni Alhamisi tarehe 10 Aprili, usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikaha Ijumaa tarehe 11 baada ya alasiri, msikitini kwetu. Chakula Jumamosi tarehe 12 mchana, na kupamba usiku wake baada ya isha, wanawake. Leso za harusi ziko kwa halati kwa atakayependa kuvaa na wenziwe. Tuwieni radhi kwa tulipopungua.

Hapa salamu ndiyo yenye uzito. Mwanzo wa ujumbe una cheo cha mtu, si "ndugu na jamaa". Nilituma mmojammoja, nyumba sitini na kitu, nikibadilisha neno lile la mwanzo: shangazi, mjomba, bibi, kaka. Ilinichukua usiku mbili. WhatsApp ina njia ya kutuma kwa wengi kwa mpigo, na hufika kwa kila mtu kana kwamba ni yeye peke yake, lakini haimfikii ambaye hakuhifadhi nambari yako, na wazee wengi hawahifadhi nambari za sisi watoto. Ningemwomba mwingine ausambaze ule wa mwanzo, ungetiwa alama ya kuonyesha umesambazwa. Shangazi yangu hajui kusoma mengi kwenye simu lakini alama hiyo aijua.

Neno "nyote wa nyumbani" limechaguliwa. Kwa Lamu nyumba ikialikwa huja nyumba. Huwezi kumwambia shangazi wako ajibu kama atakuja na atakuja na wangapi. Utakuwa umemwambia sahani zimehesabiwa. Hesabu tuliifanya sisi wenyewe: nyumba kwa wastani wa watu tuliowajua, tukaongeza sufuria moja. Na kuhusu leso, bei haikuandikwa wala neno sare halikuandikwa. Aliyetaka aliuliza kwa halati akaambiwa bei kwa mdomo. Halati aliagizwa awe na doti nne za kando za kuwapa bibi ambao wangeuliza mara mbili.

Vazi jingine halikutajwa kwa jamaa hata kidogo. Utamwambia nini mjomba wako juu ya kanzu?

Kwa wenzangu wa shule kila kitu kiligeuka. Wao hawakuhitaji ukumbusho bali maelezo, na waliyahitaji mapema, kwa hiyo wao walipelekewa tarehe 24 Machi, siku moja baada ya mchango kufungwa na siku kumi na moja kabla ya shule kufungwa. Mwanzo wa ujumbe wao ni siku na mahali, kwa sababu katika kundi lenye mambo ya ratiba na mitihani mtu husoma mistari miwili na kupita. Ukianza na dua ndefu, tarehe itafichwa chini na watakaobonyeza kuifungua ni wachache. Niliandika rasimu nne. Hii ndiyo ya mwisho:

> Harusi ya mdogo wangu: Lamu mjini, Alhamisi 10 hadi Jumamosi 12 Aprili 2025.
>
> Wapendwa wenzangu, mama yangu na ami yangu wananituma niwaalike. Mnaweza kuja siku zote tatu au moja tu.
>
> Alhamisi tarehe 10, saa 3 usiku (21:00): hina, wanawake. Ijumaa tarehe 11, saa 10 alasiri (16:00): nikaha, wanaume. Jumamosi tarehe 12, saa 7 mchana (13:00): chakula, wote, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Jumamosi saa 3 usiku (21:00): kupamba, wanawake. Wanaume usiku huo tutawakaribisha barazani kwa ami, kuna kahawa na halua.
>
> Mavazi: kwa nikaha wenyeji huvaa kanzu na kofia, shati la mikono mirefu na suruali ni sawa kabisa. Wanawake njiani hujifunika kwa buibui au mtandio mpana. Ndani ya hina na kupamba hakuna mwanamume, vaeni gauni lenu la sherehe lolote. Viatu vya kutembelea viwe vya chini. Ukumbini simu huachwa mlangoni kwa mama anayezitunza, na picha hazipigwi.
>
> Safari: basi kutoka Malindi mpaka Mokowe, kila mtu atajilipia, chukueni la asubuhi, na kitambulisho mkononi. Kutoka Mokowe mashua ni yetu, na malazi na chakula Lamu ni juu yetu. Ili tuandae vitanda, naomba mniambie kufikia Alhamisi tarehe 3 Aprili, siku utakayofika na mko wangapi.
>
> Mkifika mmeshatutunza. Karibuni sana.

Saa nimeziandika mara mbili kwa sababu kati yetu wako wanaohesabu saa tatu na wanaosoma uso wa simu, na ile 21:00 haina ugomvi. Usiku wa Ijumaa haumo kabisa. Kila shughuli ina neno "wanaume", "wanawake" au "wote" pembeni yake, na wanaume wamepewa pahali pa kwenda usiku wa kupamba, ili asije mwingine akasimama mlangoni na zawadi. Nilipoandika mara ya kwanza "wanaume hawaruhusiwi" mama alinifutia. "Usimfukuze mgeni hajaja. Mwambie akae wapi."

Katika mavazi pia nilikuwa nimeandika makatazo: msivae kaptura, msivae vinavyobana, lazima mjifunike. Mwalimu wa somo la dini ya Kikristo, rafiki yangu, ambaye nilimwonyesha rasimu, aliniambia anasikia kama anaandikiwa na naibu mkuu wa shule. Nikageuza: nikaeleza wenyeji huvaa nini, na kwa nini ndani ni tofauti na njiani. Mtu akielezwa kwamba njia za Lamu ni nyembamba, watu hukaa barazani pande zote mbili na punda hupita katikati, atajichagulia mwenyewe mtandio na kiatu. Lile la simu tu ndilo nililoacha kuwa amri, kwa sababu ni amri. Wanawake wamevua mabuibui. Picha moja ikitoka imevunja heshima ya nyumba arubaini.

Kuhusu nauli nilisita sana. Kuandika "kila mtu atajilipia" kulionekana ukavu. Lakini nauli ndiyo mchango mkubwa ambao mgeni wa mbali hutoa, na mialiko mingi huuficha, mgeni akaja kuugundua jetini mkoba umeshakuwa mwepesi. Kuandika ni kipi chake na kipi chetu ndiyo adabu niliyoiona, na nililiweka lao katika sentensi moja na letu baada yake.

Zawadi sikuitaja zaidi ya lile neno la mwisho. Kutunza kwetu ni kumpa bi harusi au mwimbaji noti ukumbini. Anayeijua lugha atacheka, asiyejua ataona nimeshukuru. Bila shaka wapo waliouliza. Mkuu wa idara yetu alinifuata tukiwa uwanjani: "Mwalimu, tuchange ngapi ngapi?" Nilimwambia hilo mimi siwezi kulijibu, azungumze na yule rafiki yangu, na rafiki yangu nilikuwa nimeshamwomba jambo moja tu, kwamba wasiandike orodha kwenye kundi. Mfuko wa ustawi wa walimu haukuhusu harusi ya ndugu, kwa hiyo walichanga nje yake, kila mtu kwa anavyoweza ndani ya bahasha moja. Walileta sufuria nne za mkono mzito, ambazo mdogo wangu azipenda kuliko dhahabu.

Habari ya noti za kumtunza bi harusi niliwaambia njiani, mashua ikiondoka Mokowe, kwamba wakiona akina mama wanasimama na noti za hamsini na mia wasishtuke, wala si lazima wasimame. Jambo kama hilo likiandikwa huwa bei. Likisemwa na mtu mnayeketi naye ubavuni, upepo unawapiga, huwa mazungumzo. Wawili kati yao walisimama wakacheza na noti zao, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka nikaogopa dari.

Walikuja kumi na mmoja, na walikuwa wameniambia kumi na wawili. Mume wa yule mwenzangu wa 2022 alikuja pia. Jumamosi usiku alikwenda barazani kwa ami bila kuelekezwa, kwa suti ileile.

Shangazi wa Langoni ujumbe wangu alisomewa na mjukuu wake siku niliyoutuma. Nilikuwa sijaongeza neno la mchango hata kwa mbali. Nyumba yake haikuwa miongoni mwa zile kumi na saba, kwa kuwa ni mjane na hatukutaka kumtia mzigoni. Kabla ya magharibi akanirudishia sauti ya sekunde kumi hivi, na nyuma yake kuku wanalia.

"Ndoo utwae mchele," alisema. "Na uye na punda, ni magunia mawili."